Tiki, alama 0-1-2 au uzito: mnakaguaje barua ya maombi kabla ya kuituma?

Mtunza Leja
Habari zenu wakuu. Barua yangu ya kuomba kazi ya utunzaji stoo imekamilika, na ninataka kuipitisha kwenye tangazo mstari kwa mstari kabla sijaituma. Nimeona njia tatu: kuweka tiki tu kama jambo limetajwa, kutoa alama 0, 1 au 2, au kutoa alama hizohizo na kuzidisha mara mbili sifa zilizoandikwa "lazima". Nimejaribu ya tiki nikapata 7 kwa 7, lakini moyo haujatulia.

Tangazo linasema: kupokea mizigo na kuikagua dhidi ya oda, kutunza leja na kuhesabu bidhaa kila mwezi, kuandaa ripoti ya bidhaa zilizoharibika, kusimamia wasaidizi wawili, stashahada ya ununuzi na ugavi (lazima), uzoefu wa miaka 3 (lazima), kuandaa majedwali kwa kompyuta.

Sehemu ya kati ya barua yangu ndiyo hii:

"Katika kazi yangu ya sasa napokea malori manne hadi matano kwa wiki na kuipanga mizigo stoo siku hiyohiyo. Nina uzoefu wa kutosha wa leja na ripoti za bidhaa zilizoharibika, na nimefanya kazi na wasaidizi. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi niliyohitimu mwaka 2019. Kila Ijumaa naandaa kwenye kompyuta jedwali la bidhaa zinazokaribia kuisha. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayependa kujifunza."

Fundi Barua
Mimi natumia tiki miaka yote. Siri ni kunakili maneno ya tangazo kama yalivyo. Wameandika "kukagua dhidi ya oda", na wewe andika "kukagua dhidi ya oda". Anayechambua barua mia moja anatafuta maneno yake.

Kalamu Nyekundu
Fundi, kuhusu majina ya vitu uko sahihi. Tangazo likisema leja, usiandike "daftari la kumbukumbu". Lakini sentensi iliyonakiliwa inamwonyesha msomaji kwamba umesoma tangazo, haimwonyeshi kwamba kazi umeifanya. Nimesaidia kuchambua maombi mara kadhaa, na barua za namna hiyo zote hufanana.

Mtunza Leja, tiki zimekuficha kwa sababu mistari yako miwili ina kazi mbilimbili ndani yake. Kila penye "na" inayounganisha vitendo viwili, kata. Mistari 7 inakuwa 9. Kisha 0 ni jambo ambalo halipo, 1 ni jambo lililotajwa tu, na 2 ni jambo lenye ushahidi: ulifanya nini, kiasi gani, lini. Kabla ya kutoa alama, pigia mstari maneno yenyewe kwenye barua. Ukikosa pa kupigia mstari, ni 0, hata kama unajua moyoni kwamba kazi hiyo unaiweza.

Nimeipima yako hivi. Kupokea mizigo 2, maana malori yanahesabika. Kukagua dhidi ya oda 0. Kupanga stoo si kukagua. Leja 1. Hesabu ya kila mwezi 0. Ripoti 1. Wasaidizi 1. Stashahada 2. Uzoefu 1, kwani "wa kutosha" si miaka. Majedwali 2. Jumla 10 kwa 18.

Mtunza Leja
Kumi kwa kumi na nane! Na mimi nilikuwa na 7 kwa 7.

Dada Usaili
Samahani, kwa hiyo mwajiri naye anatumia hizi alama? Mwenye 16 ndiye anaitwa kwenye usaili?

Kalamu Nyekundu
Hapana, dada. Mwajiri ana vigezo vyake na hatuvioni. Hizi ni za mwandishi, zimwonyeshe pa kushika kalamu. Ndiyo maana jumla yenyewe haina kazi kubwa. Kazi iko kwenye zile 0 na 1.

Mzani
Basi njia ya uzito ndiyo bora. Lazima si sawa na nyongeza.

Kalamu Nyekundu
Hebu tuipige kwa barua hii. Stashahada inakuwa 4, uzoefu unakuwa 2, jumla 13 kwa 22. Bila uzito alikuwa na asilimia 56 hivi, kwa uzito amefika 59. Barua haijabadilika hata neno, alama imepanda, na miaka 3 bado haijaandikwa popote. Kwa hiyo mimi sizidishi. Naweka geti: mstari wowote wa "lazima" ukiwa chini ya 2, barua haiondoki mezani, jumla iwe yoyote.

Mzani
Kwenye geti nakubali. Ila kama mistari ya nyongeza ni mingi, bado naona uzito unasaidia kuchagua kipi kiachwe ili barua isivuke ukurasa mmoja.

Kalamu Nyekundu
Kwa kuchagua cha kuacha, sawa. Mtunza Leja, sasa jibu kwa ukweli: leja umeanza lini, na mzigo ukifika unafanya nini hasa?

Mtunza Leja
Nimeketi nayo usiku huu. Nimeandika hivi:

"Tangu Machi 2021 hadi sasa, miaka zaidi ya 3, natunza leja ya stoo yenye bidhaa aina 340, kila mwisho wa mwezi nahesabu zote, nalinganisha na leja, na kila tofauti naiandikia maelezo. Mzigo ukifika nauhesabu dhidi ya oda dereva akiwepo, na upungufu naurekodi kwenye hati kabla hajaondoka."

Kalamu Nyekundu
Sentensi ya kwanza imebeba mistari mitatu: leja 2, hesabu 2, uzoefu 2. Ya pili imetoa kukagua kwenye 0. Uko 16 kwa 18 na geti limefunguka. Sasa geuza karatasi: soma barua sentensi kwa sentensi na uulize kila moja inajibu mstari gani wa tangazo. "Mchapakazi, mwaminifu" haijibu wowote. Ifute, hapo ndipo utapata nafasi ya ripoti.

Mama Faili
Niongeze yangu. Niliwahi kujipa alama zote kwenye sifa na majukumu, kisha kimya. Baada ya wiki nikalisoma tangazo tena: chini kabisa waliagiza namba ya kumbukumbu iandikwe kwenye kichwa cha barua, nami sikuiandika. Sijui kama ndiyo iliyoniangusha. Tangu hapo maelekezo ya kutuma nayaweka kwenye orodha, na hayo ni ndiyo au hapana tu. Hapo tiki inatosha kabisa.

Fundi Barua
Hilo la maelekezo nalichukua. Ila wasaidizi mimi ningempa 0. Tangazo limesema kusimamia. Yeye kasema amefanya nao kazi.

Kalamu Nyekundu
Nilimpa 1 kwa kuwa wasaidizi wametajwa, lakini hoja yako ina uzito. Alama zangu zinategemea kitendo, na kitendo ni kusimamia.

Mtunza Leja
Ukweli ni kwamba niliwasimamia wiki tatu tu, msimamizi wangu alipokuwa likizo. Niliwapangia zamu na kusaini mahudhurio. Niandike wiki tatu, au ninyamaze?

Mzani
Nyamaza. Wiki tatu zitaonekana ndogo.

Mama Faili
Andika. Zamu na mahudhurio ni usimamizi, na kwenye usaili watakuuliza tu.