Taa ya joto inawaka kwenye foleni na milimani tu: feni au thamostati?

Dereva wa Asubuhi:
Wakuu, naombeni msaada. Nikiwa barabara kuu mshale wa joto umetulia katikati. Nikiingia kwenye foleni, baada ya kama dakika 15 unapanda mpaka taa nyekundu inawaka. Mlima mrefu nikiupanda polepole kwa gia ya pili, hivyo hivyo. Njia ikifunguka unashuka wenyewe. Maji ya rejeta hayapungui. Fundi alisema thamostati imekwama, akaitoa kabisa. Foleni bado inachemsha, ila sasa barabara kuu mshale unakaa chini ya katikati. Kila asubuhi nina watoto ndani, naogopa kuua injini. Nianzie wapi?

Kidole Gumba:
Fundi wako hakukosea. Thamostati ikigoma kufunguka maji hayaendi kwenye rejeta, lazima ichemshe. Mimi niliitoa yangu miaka mitatu iliyopita na natembea vizuri. Labda sasa safisha rejeta.

Spana Kumi:
Kidole Gumba, thamostati iliyokwama imefungwa haichagui barabara. Ingechemsha hata kwenye mwendo, pengine ndani ya dakika chache tu. Ikifunguka nusu, hapo kweli mlima ungeisumbua, lakini foleni isingekuwa ya kwanza kulalamika.

Dereva, jibu umeshaliandika mwenyewe: ukitembea inapoa. Kwenye mwendo upepo wa barabarani unaipoza rejeta bila msaada. Ukisimama, upepo huo haupo, kazi yote ni ya feni. Mlima wa gia ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu injini inatoa joto jingi na gari linakwenda taratibu. Nashuku feni yako haizunguki.

Kesho injini ikiwa baridi, washa gari, fungua boneti, kisha washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi feni inatakiwa kuanza muda mfupi baadaye. Kisha zima kiyoyozi, acha injini ingurume mpaka mshale uvuke katikati kidogo, uone kama feni inaanza yenyewe. Mshale ukiendelea kupanda, zima injini usisubiri taa. Mikono iwe mbali, feni ya umeme inaweza kuanza hata injini ikiwa imezimwa. Na mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa moto.

Mama Pikapu:
Yangu nayo inachemsha mlimani ikiwa na mzigo, lakini feni inazunguka muda wote, na haina waya hata mmoja. Nibadilishe fyuzi ipi?

Spana Kumi:
Dada, yako inaendeshwa na injini kupitia klachi, haihusiani na fyuzi. Injini ikiwa moto, izime, subiri feni isimame, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka laini kama pangaboi, klachi imechoka.

Dereva wa Asubuhi:
Nimefanya. Kiyoyozi kikiwashwa, feni kimya. Mshale ulipovuka katikati, kimya pia. Fyuzi nzima. Nibadilishe relei?

Spana Kumi:
Usinunue kitu bado. Zima gari, chomoa soketi ya feni, chukua waya mbili nene, moja iwe na fyuzi, uipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, rudi kwenye relei, waya na sensa. Isipozunguka, igonge mgongoni taratibu kwa mpini wa bisibisi.

Dereva wa Asubuhi:
Mkuu! Nilipounganisha, ilitoa mlio mdogo ikanyamaza. Nikagonga mara mbili, ikaanza kuzunguka kama kawaida! Nilipochomoa na kurudisha, ikagoma tena.

Spana Kumi:
Kaboni za ndani zimeisha, hazishiki vizuri. Badilisha mota. Kugonga ni kwa kupima tu, foleni ya kesho itakuangusha. Na thamostati irudishwe. Bila hiyo injini inakaa baridi mno, inakunywa mafuta na kuchakaa haraka. Ile ya zamani itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto, na kipimajoto pembeni. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ndiyo joto la kuanza kufunguka.

Dereva wa Asubuhi:
Mota mpya imefungwa. Thamostati imeandikwa 82, imeanza kufunguka kwenye 83, tumeirudisha. Leo foleni ya dakika 40, mshale haukusogea. Ila mlimani, gari likiwa limejaa watu, bado unapanda kidogo juu ya katikati, taa haiwaki.

Kidole Gumba:
Nilisema safisha rejeta.

Spana Kumi:
Hapo huenda yuko sahihi. Ukitoka mlimani zima gari, subiri, kisha pitisha mkono karibu na uso wa rejeta bila kuugusa. Sehemu isiyo na joto katikati ya penye moto ni mirija iliyoziba. Leta majibu.