Mstari wa RS unakata grafu kwenye 7.3 mA, multimita inasema 6.9 mA: nimekosea wapi?

fundi_wa_udi:
Ndugu zangu mafundi, naomba mnitazamie jambo ambalo limenisumbua kwa siku nne. Ninatengeneza kikuza sauti cha awali kwa ajili ya udi, kinachopokea ishara kutoka kipande cha piezo kilichobandikwa karibu na daraja la nyuzi. Nimetumia transista ya JFET aina ya 2N3819, umeme wa volti 12, RD ya kilo-ohm 1.2, RS ya ohm 220, na rizista ya mega-ohm 1 kutoka geti hadi ardhi.

Kwa kuwa karatasi ya kiwanda inaruhusu IDSS ya kuanzia 2 mA hadi 20 mA, niliona si busara kubahatisha, nikazipima mwenyewe transista mbili kati ya nilizonazo. Nilipata IDSS kwa kuunganisha geti na sosi pamoja, kisha kusoma mkondo wa dreni. VP niliipata kwa kuweka rizista ya mega-ohm 1 kwenye sosi, geti ikiwa ardhini, na kusoma volti za sosi. Transista A ilinipa 5 mA na volti -1.8, na transista B ikanipa 16 mA na volti -5.

Halafu nilichukua karatasi ya grafu. Kwa transista B niliweka nukta nne: 16 mA pale VGS ilipo sifuri, takriban 8 mA kwenye volti -1.5, 4 mA kwenye volti -2.5, na sifuri kwenye volti -5, kisha nikaziunganisha kwa mkono. Mstari wa RS niliuanzisha kwenye sifuri na kuupitisha kwenye nukta ya 10 mA na volti -2.2. Vilikatana kwenye 7.3 mA na volti -1.6. Kwa transista A nilifanya hivyo hivyo, nikapata 2.45 mA.

Nilipowasha saketi, A ilikubaliana na grafu: sosi ilikuwa na volti 0.54. Lakini B ilinipa volti 1.51 kwenye sosi, yaani 6.9 mA, na dreni ilikuwa na volti 3.8 tu. Tena mpigaji akizipiga nyuzi kwa nguvu, sauti ya B inapasuka. Nimerudia mchoro mara tatu na mstari unakata pale pale. Je, kosa liko kwenye mchoro, kwenye vipimo, au kwenye transista yenyewe?

Tausi_77:
Kaka, mimi ningeanza na ile rizista ya geti. Mega-ohm 1 ni kubwa mno, na huenda ndiyo inayoivuruga VGS. Iteremshe hadi kilo-ohm 10, volti zitatulia.

fundi_wa_udi:
Ahsante, dada. Nimeipima geti na inasoma sifuri kwenye transista zote mbili. Isitoshe, piezo ikikutana na kilo-ohm 10 besi yote ya udi itapotea.

Mwalimu_Saketi:
Ndugu fundi, mchoro wako ni sahihi, na vipimo vyako ninaviamini. Geti pia haina kosa, kwa sababu haivuti mkondo wa kuhesabika, na hivyo VGS inatokana na volti za sosi peke yake. Kilichokupotosha ni kwamba mkunjo ulioutumia una sharti ambalo halionekani popote kwenye karatasi ya grafu. Ule mkunjo unasema ukweli tu pale ambapo transista imeachiwa volti za kutosha kati ya dreni na sosi. Zikipungua, mkondo haufuati tena VGS peke yake, bali unaanza kuzifuata na volti za dreni, na transista inakaribia kuwa rizista ya kawaida.

Kila unapopata nukta ya makutano, kabla hujaiamini, fanya hesabu hii ndogo:

```
VDS = VDD - ID(RD + RS)
sharti: VDS > |VP| - |VGS|
```

Kwa B, grafu inadai 7.3 mA. RD na RS kwa pamoja ni kilo-ohm 1.42, kwa hiyo zingekula volti 10.4 na kuiachia transista volti 1.6 tu. Sharti linataka volti 5 utoe 1.6, yaani 3.4. Makutano hayo hayawezi kutokea kwenye saketi yako. Transista imejishusha hadi ikapata mahali pa kukaa, nako ni 6.9 mA ikiwa na takriban volti 2.3 kati ya dreni na sosi. Kwa A, sharti linataka volti 1.3 na yenyewe ina zaidi ya 8, ndiyo maana grafu na multimita zilikubaliana. Kupasuka kwa sauti kuna chanzo hicho hicho, kwa kuwa dreni haina mahali pa kushukia ishara inapokua.

Ukitaka kujiridhisha kwa macho yako, usiguse RS. Badilisha RD tu, weka ohm 330 kwa muda, halafu usome tena volti za sosi. Ikiwa nimesema kweli, zitapanda hadi karibu 1.6.

fundi_wa_udi:
Nimerudi kutoka mezani. Nimeweka ohm 330 na sosi imepanda hadi volti 1.60. Nashukuru sana, Mwalimu, kwani sikuwahi kufikiri kwamba RD, ambayo haimo kabisa kwenye mchoro ule, ingeweza kuusogeza mkondo.

Sasa limebaki swali la pili. Ninataka kutengeneza vikuza sauti sita, na sitaki kila kimoja kiwe na tabia yake. Nichague RS gani itakayozifaa transista zote?

redio_ya_bandarini:
Hilo ni jepesi, ndugu yangu. Ongeza RS. RS ikiwa kubwa, mstari unalala, na mstari uliolala unakata mikunjo yote karibu na mkondo mmoja. Weka ohm 680 na tofauti za transista zitakwisha. Mimi nimefanya hivyo kwenye redio zangu kwa miaka na sijawahi kupima transista hata moja.

Mwalimu_Saketi:
Ndugu yangu wa bandarini umeshika nusu ya jambo, na nusu hiyo ina faida, lakini tofauti hazikwishi. Chora mikunjo ya A na B kwenye karatasi moja, kisha upitishe mstari wa ohm 680. A inakatwa kwenye 1.3 mA na B kwenye 3.8 mA. Umbali kati yao umepungua kutoka takriban 4.9 mA hadi 2.5 mA, na B sasa imepata nafasi: kwa RD ile ile ya kilo-ohm 1.2 inabaki na volti 4.9 ilhali inahitaji 2.4 tu. Sauti haitapasuka kirahisi tena.

Hata hivyo, tazama uwiano. Kwa ohm 220 mkondo wa B ulitakiwa kuwa mara 3 ya ule wa A, na kwa ohm 680 bado ni mara 2.9. Sababu yake inaonekana kwenye karatasi: mstari wa kujiegemeza ni lazima uanzie kwenye sifuri, na kadiri unavyoulaza ndivyo makutano yanavyoteleza kuelekea VP ya kila transista. Mwishoni kila mkondo unakaribia VP yake ikigawanywa kwa RS, na hapo uwiano wa mikondo unakuwa uwiano wa VP zenyewe, ambao kwa hizi mbili ni 5 kwa 1.8. Hakuna RS itakayokushusha chini ya mara 2.8.

Ukitaka mstari uliolala kweli bila kuua mkondo, ni lazima uuanzishe mbali, upande wa kulia wa sifuri, yaani geti ipewe volti zake kwa rizista mbili za kugawa. Kwa mfano, geti ikiwa na volti 3 na RS ikiwa kilo-ohm 1.8, A inapata 2.0 mA na B inapata 3.2 mA. Gharama yake ni kwamba sosi ya B inapanda hadi karibu volti 5.8, na kwa umeme wa volti 12 hiyo ni karibu nusu ya mali yako yote. RD ya kilo-ohm 1.2 ingekuwa pembezoni kabisa mwa sharti.

santuri_na_nyaya:
Naomba niongeze neno kuhusu kupima. Mimi nilizichagua JFET kwa ajili ya kikuza sauti cha santuri, na kila nilipopima IDSS nilikuta namba inashuka taratibu huku nikiitazama. Nilidhani betri inakufa, kumbe transista ilikuwa inapata joto. Kwa transista ya 16 mA kwenye volti 12 ni karibu miliwati 190 ndani ya kipande kidogo cha plastiki. Siku hizi ninapima kwa sekunde chache tu, wala siishiki kwa vidole kabla ya kuisoma. Ndugu fundi, ulisoma baada ya muda gani?

fundi_wa_udi:
Nilisubiri namba itulie, labda nusu dakika. Nitapima upya.

Nimeamua kuacha kutafuta RS moja, kwa kuwa transista ni sita tu na grafu sasa naielewa. Nimechora mstari mlalo kwenye 2.5 mA, nikatazama unakata wapi mkunjo wa kila transista, kisha nikagawanya volti kwa mkondo. A inakatwa kwenye volti -0.53, nayo inataka ohm 211, kwa hiyo 220 inafaa. B inakatwa kwenye volti -3.0, nayo inataka kilo-ohm 1.2. RD nimeiweka kilo-ohm 1.8 kwa zote, dreni inakaa kwenye volti 7.5, na B inabaki na volti 4.5 ilhali sharti lake ni 2. Je, niko sawa?

Mwalimu_Saketi:
Uko sawa kabisa, na kwa idadi ndogo hiyo ndiyo njia ningeifuata mimi pia. Ila tambua kwamba mkondo sawa si ukuzaji sawa. Kwenye 2.5 mA mkunjo wa A una mwinuko mkali kuliko wa B, takriban 3.9 mA kwa volti dhidi ya 2.5. Ukiweka kapasita sambamba na RS, A itakuza karibu mara 7 na B karibu mara 4.5.

redio_ya_bandarini:
Basi aitoe kapasita, zitalingana.

Mwalimu_Saketi:
Akiitoa zitaachana zaidi, kwa sababu RS zenyewe hazilingani: A itabaki na karibu mara 3.8 na B mara 1.1. Labda aigawe RS ya B vipande viwili na kukifunika kimoja kwa kapasita, au akubali tofauti hiyo na kuirekebisha kwenye kitufe cha sauti mbele. Mimi ningeikubali. Wengine wangezitupa B zote na kubaki na transista zinazofanana na A.

fundi_wa_udi:
Sina moyo wa kuitupa B. Kesho nitazipima upya zote sita zikiwa baridi, nichore mikunjo yake kwenye karatasi moja, na niilete hapa.