Tovuti ya duka: dola 2.99 kwa mwezi huko nje, au shilingi 150,000 kwa mwaka hapa Dar?

MamaVitenge: Wakuu, natakiwa kulipia tovuti ya duka kabla ya Ijumaa. Kampuni ya nje ni dola 2.99 kwa mwezi na domeni ya .com bure. Ya hapa Dar wanataka 150,000 kwa mwaka, domeni ya .co.tz ikiwemo. Ya nje naona nafuu. Nichukue ipi?

Kipanga: Dada, hiyo 2.99 unalipia miezi mingapi kwa mkupuo? Chini ya bei pameandikwa "renews at" ngapi? Barua pepe unataka ngapi?

MamaVitenge: Miezi 48. "Renews at $10.99/mo". Barua pepe tatu.

Mzalendo_TZ: Chukua ya hapa, usiwape hela wazungu. Huko cheti cha SSL, kile cha kulinda taarifa za wateja kwenye tovuti, unalipia kila mwaka, lazima.

Kipanga: Si lazima, mkuu. Cheti cha Let's Encrypt ni bure, ila kina muda mfupi, kwa hiyo uliza kama seva yao inakihuisha yenyewe. Wapo kweli wanaouza vyeti, hapo umesema sawa.

Dada, leo utatoa 143.52 kwa mkupuo. Miaka minne hiyo ni nafuu kweli. Wa tano utalipa 131.88 kwa mwaka mmoja tu. Tena domeni ya bure huwa ni ya mwaka wa kwanza. Mwezi wa 13 itakuwa imeisha wakati hosti, yaani nafasi ya tovuti kwenye seva yao, bado imelipiwa miaka mitatu, na wengi hapo ndipo tovuti inapozimika huku wakijua wameshalipa kila kitu.

Bibi_Pwani: Mimi nauza Instagramu, sijawahi kulipia hata senti.

Juma_Spea: Hilo la domeni limenitoa jasho. Fundi alisajili .com ya duka letu kwa akaunti yake, na vikumbusho vyote vikaenda kwenye barua pepe yake. Tulianza kuona wateja wanalalamika ujumbe unawarudia, kisha tovuti ikawa na matangazo ya watu wengine. Fundi hapokei simu. Kampuni ya usajili ikasema inazungumza na mwenye akaunti tu. Alipopatikana, muda wa kulipia kwa bei ya kawaida ulikuwa umepita, domeni imeingia zile siku 30 za kukomboa. Tukatoa dola 80 juu ya ada ya mwaka. Siku hizo zikiisha, baada ya siku 5 jina linaachiwa, yeyote anaweza kulichukua.

MamaVitenge: Mimi pia fundi ndiye ananisajilia! Naweza kununua domeni kwingine na hosti kwingine?

Kipanga: Ndiyo, ni kuelekeza neimseva za domeni kwenye hosti yako tu. Akaunti iwe ya barua pepe yako, lakini isiwe ya hiyo hiyo domeni, maana domeni ikiisha na kikumbusho hakifiki. Hao wa Dar wamekuambia mwaka wa pili ni ngapi?

MamaVitenge: Hawajasema. Kesho nawapigia.

Mzalendo_TZ: Lakini .co.tz ndiyo wateja wa hapa wanaiamini.

Juma_Spea: Wangu wengi wako Lubumbashi, hawajali hilo.