Tufute bidhaa ipi kati ya hizi tatu?

MwenyeKiwanda: Tunatengeneza sabuni ya vyombo, sabuni ya mikono na dawa ya sakafu, zote kwa mashine moja ya kujazia. Mhasibu anasema dawa ya sakafu inapata hasara ya 8 kwa kila katoni tunayoiuza 100, tuifute. Mnaonaje?

Bingwa_wa_Soko: Wahasibu ndio wanaoua viwanda. Usiifute.

Daftari: Tumeanza matusi? Namba ni namba.

Fundi_Mizani: Hiyo 8 imetokana na nini?

MwenyeKiwanda: Malighafi, dumu na usafirishaji ni 78. Halafu imewekewa 30 za kodi ya jengo na mishahara.

Fundi_Mizani: Ukiifuta, kodi inapungua? Haipungui. Zile 30 zitahamia kwenye sabuni, na wewe utakuwa umepoteza 22 zilizokuwa zinabaki. Sabuni ya mikono inabakiza ngapi?

MwenyeKiwanda: 30.

Daftari: Si mmeona? 30 inazidi 22. Dawa ya sakafu iondoke.

Fundi_Mizani: Katoni moja inajazwa kwa dakika ngapi?

MwenyeKiwanda: Sabuni ya mikono 12, zile chupa ndogo za pampu zinasumbua. Dawa ya sakafu 6.

Fundi_Mizani: Basi saa moja ya mashine inakupa 150 kwa sabuni ya mikono, na 220 kwa dawa ya sakafu. Ila hesabu hii ina maana tu kama mashine imejaa kazi na soko litanunua katoni za ziada. Kama inalala nusu siku, usifute chochote kinachobakiza kitu.

Mama_Mishumaa: Mimi nilifuta mishumaa ya rangi, wateja wakahama hadi na ya kawaida. Msidanganywe na dakika.

MwenyeKiwanda: Mashine imejaa, tunakataa oda. Wanunuzi wa dawa ya sakafu ni 60, na 45 kati yao huchukua pia sabuni ya vyombo. Wa sabuni ya mikono ni 50, wanaochukua kitu kingine ni 9 tu.

Bingwa_wa_Soko: Nilisema! Ukiifuta unapoteza wote 45.

Fundi_Mizani: Taratibu. Kununua vyote viwili si kusema kimoja kinamvuta kwenye kingine. Dawa ya sakafu iliwahi kukatika?

MwenyeKiwanda: Wiki 3, dumu zilichelewa. Kati ya wale 45, 11 walipunguza oda za sabuni ya vyombo.

Fundi_Mizani: Anzia na hao 11, si 45. Piga hesabu ya kinachobaki kwenye oda zao, uiongeze kwenye upande wa dawa ya sakafu. Kwa ninavyoona, inayotoka ni sabuni ya mikono.

Daftari: Wiki 3 mtu anavumilia, stoo yake bado ina mzigo. Bidhaa ikifutwa kabisa, huenda wakawa 30.

Fundi_Mizani: Hapo umenena. Lakini hiyo inazidi kuitetea dawa ya sakafu uliyotaka iondoke.

Daftari: Sikutaka iondoke, nilisoma namba nilizopewa. Na yule aliyesema tunaua viwanda hajaomba radhi.

Bingwa_wa_Soko: Nani aligawa zile 30 za kodi na mishahara?

MwenyeKiwanda: Jamani, ni shemeji yangu.