Mti wangu wa maswali unarudi na umbo jingine baada ya kuhifadhiwa kwenye faili: naomba ushauri

Chuma_Moto aliandika:

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninaandika programu ndogo kwa Python ya kuwasaidia mafundi wa pikipiki kutafuta hitilafu kwa maswali ya ndiyo na hapana. Kila swali ni nodi ya mti, jibu la ndiyo linapeleka kushoto, jibu la hapana linapeleka kulia, na mwisho wa tawi kuna ushauri wa kufanya. Mti wenyewe unafanya kazi vizuri maadamu programu haijafungwa. Shida inaanza ninapouhifadhi kwenye faili la maandishi na kuusoma tena kesho yake.

Huu hapa ni mti mdogo niliojaribia. Mzizi ni swali "Injini inawaka?" Upande wa ndiyo bado sijauandika, kwa hiyo uko mtupu. Upande wa hapana kuna swali "Plagi inatoa cheche?", ambalo kushoto kwake kuna "Safisha kabureta" na kulia kwake kuna "Badilisha plagi, kisha ujaribu tena". Ninaandika mzizi kwanza, kisha kushoto, kisha kulia, nikitenganisha kwa mkato na kuziruka nafasi tupu. Wakati wa kusoma, maandishi yanayoishia kwa alama ya kuuliza nayachukulia kuwa swali lenye watoto wawili, na mengine nayachukulia kuwa mwisho wa tawi.

Jana nilimpa fundi mmoja aijaribu. Akaambiwa ajibu kama injini inawaka, akajibu hapana, na programu ikamwandikia "kisha ujaribu tena" peke yake. Alipojibu ndiyo, akaulizwa kuhusu cheche za plagi ilhali injini inanguruma. Hakuna kosa lolote lililoripotiwa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Naomba kujua nitumie muundo gani wa faili.

Kijana_wa_Tanga alijibu:

Kaka, mpangilio wako wa mzizi kwanza ni sahihi, na kwa maoni yangu huhitaji kuandika nafasi tupu hata kidogo. Chuoni tulihifadhi mti wa namba kwa mzizi kwanza pekee, bila alama yoyote ya utupu, na ulirudi vilevile kila mara. Nadhani kosa lako ni huo mkato tu uliomo ndani ya sentensi ya plagi. Tumia mstari wima badala ya mkato, na tatizo litakwisha.

Pwani_Salama alijibu:

Ndugu, kama lengo ni mafundi wausome mti huo gereji, ni vyema kila ngazi iingie ndani kwa nafasi nne, ili jicho lione swali lipi liko chini ya lipi. Nilimtengenezea mjomba wangu orodha ya namna hiyo, akaichapisha na kuibandika ukutani.

Bi_Mwanahamisi alijibu:

Ndugu Chuma_Moto, umepata makosa mawili kwa wakati mmoja, na kila moja limelificha jingine. Inafaa tuyatenganishe.

Faili lako lilikuwa na mfuatano huu: injini, plagi, kabureta, badilisha plagi. Ndani ya mfuatano huo hakuna kitu kinachosema kwamba swali la plagi ni mtoto wa kulia. Msomaji wako aliona swali la injini, akajua lina watoto wawili, akachukua kinachofuata na kukiweka kushoto, kwa sababu kushoto ndiko kunakojazwa kwanza. Ndiyo maana swali la cheche likaulizwa kwa mtu ambaye pikipiki yake imewaka. Kisha mkato ukaikata sentensi ya mwisho vipande viwili, nodi 4 zikawa 5, na kile kipande cha tano kikapata nafasi iliyokuwa wazi kulia kwa mzizi. Laiti sentensi hiyo isingekuwa na mkato, msomaji angefika mwisho wa faili akiwa bado anadai mtoto wa kulia, na pengine ungeona kosa siku ya kwanza. Mkato ulikupa kipande kimoja cha ziada, nacho kikaziba pengo hilo barabara.

Kijana_wa_Tanga, unalosema ni kweli kwa mti ule wa chuoni, kwa sababu ulikuwa mti wa kutafutia, wenye namba ndogo kushoto na kubwa kulia. Katika mti huo namba yenyewe inaeleza upande wake: ukisoma 8 kisha 3, hakuna njia ya 3 kwenda kulia. Maswali ya pikipiki hayana udogo wala ukubwa, kwa hiyo upande wa kila mmoja lazima uandikwe. Nawe ndugu Pwani_Salama, orodha yako ni nzuri kwa kusomwa na binadamu, ila mwenzetu anataka programu iweze kuurudisha mti. Hata katika orodha hiyo, swali lenye mtoto mmoja tu haliwezi kuonyesha kama mtoto huyo ni wa ndiyo au wa hapana, hivyo shida ni ileile.

Ninachokushauri ni kuandika kila nodi kwenye mstari wake kama maandishi ya JSON, na kila nafasi tupu kama `null`. Mti wako utakuwa hivi:

```
"Injini inawaka?"
null
"Plagi inatoa cheche?"
"Safisha kabureta"
null
null
"Badilisha plagi, kisha ujaribu tena"
null
null
```

Mistari ni 9: nodi 4 na nafasi tupu 5. Uwiano huo haubadiliki, kwani mti wenye nodi n daima una nafasi tupu n + 1, hata ukiwa umepinda namna gani. Gharama ya alama hizo, kwa hiyo, haizidi takribani kulifanya faili liwe na mistari maradufu, nayo ni midogo.

Nimechagua JSON kwa sababu ya zile alama za kunukuu. Ukitumia alama yako mwenyewe, tuseme `#`, siku moja mtu ataandika ushauri wenye alama hiyo, na programu itadhani ni nafasi tupu. Mstari wima aliopendekeza Kijana_wa_Tanga una hatari hiyohiyo, isipokuwa inachelewa kuonekana. Kwa JSON, neno null lililoandikwa na fundi linakuwa `"null"`, maandishi matupu yanakuwa `""`, na nafasi isiyo na nodi inakuwa `null`, kwa hiyo hivyo vitatu havichanganyikani. Mtu akibonyeza kitufe cha mstari mpya katikati ya sentensi, JSON inaandika `\n` ndani ya nukuu, na nodi inabaki kwenye mstari mmoja.

Kusoma kunakuwa rahisi, kwa kuwa msomaji hakisii chochote:

```python
def soma(mistari):
    maneno = json.loads(next(mistari))
    if maneno is None:
        return None
    n = Nodi(maneno)
    n.kushoto = soma(mistari)
    n.kulia = soma(mistari)
    return n
```

Mpe faili lenyewe lililofunguliwa, au `iter(orodha)`, wala si orodha ya kawaida, maana `next` haifanyi kazi kwenye orodha. Zingatia pia kwamba nimeandika `is None`. Ukiandika `if not maneno`, swali ambalo bado halina maneno litahesabiwa kuwa halipo, na kila kilicho chini yake kitahama mahali pake.

Ngazi_Kwa_Ngazi alijibu:

Mimi napendelea kuandika mti ngazi kwa ngazi, kama LeetCode wanavyoonyesha miti yao, kwa sababu macho yanaona mzizi, kisha watoto, kisha wajukuu. Ila nitoe tahadhari kutokana na kazi yangu mwenyewe. Nilidhani njia hiyo maana yake ni kila nodi kukaa kwenye namba yake, mzizi ukiwa 1 na watoto wa i wakiwa 2i na 2i + 1. Mti wangu ulikuwa mnyoofu, wenye nodi 20 zote zikielekea kulia, na ile ya mwisho ikaangukia nafasi ya 1,048,575. Faili la nodi 20 likajaa utupu mtupu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba LeetCode hawaandiki watoto wa nafasi iliyo tupu, kwa hiyo hali hiyo haiwapati.

Kijana_wa_Tanga alijibu:

Nimekuelewa, dada, na nakubali kwamba nilichanganya aina mbili za mti. Hata hivyo bado nina swali. Fanksheni yako inajiita yenyewe, na Python kwa kawaida inakoma ikikaribia miito 1000. Je, mti mrefu hautaiangusha?

Bi_Mwanahamisi alijibu:

Utaiangusha, ukiwa na njia moja yenye urefu wa nodi kama elfu moja. Kwa maswali ya pikipiki sioni jambo hilo likitokea, maana hakuna fundi atakayejibu maswali elfu kabla ya kufungua plagi. Mwenye mti mrefu namna hiyo atumie rundo lake mwenyewe. Upande wa kuandika ni mwepisi:

```python
def andika(mzizi, faili):
    rundo = [mzizi]
    while rundo:
        n = rundo.pop()
        if n is None:
            faili.write("null\n")
            continue
        faili.write(json.dumps(n.maneno, ensure_ascii=False) + "\n")
        rundo.append(n.kulia)
        rundo.append(n.kushoto)
```

Kulia kunawekwa kwanza ili kushoto kutoke kwanza.

Kuna jambo moja la kuongeza, ambalo lingemwokoa ndugu yetu jana. Kabla ya kujenga mti, pitia mistari ukiwa na hesabu inayoanza na 1, yaani nafasi moja inayosubiri mzizi. Kila nodi inaongeza 1, kwa kuwa inajaza nafasi moja na kufungua mbili; kila `null` inapunguza 1. Kwa faili la hapo juu hesabu inakwenda 2, 1, 2, 3, 2, 1, 2, 1, 0. Sifuri lazima ifikiwe kwenye mstari wa mwisho kabisa. Ikifikiwa mapema, kuna mistari iliyozidi. Faili likiisha kabla ya sifuri, limekatika, jambo ambalo hutokea simu ikizimika katikati ya kuhifadhi. Kipimo hiki hakitambui mistari miwili ya maandishi iliyobadilishana mahali, kwa hiyo usikitegemee kwa hilo.

Chuma_Moto alijibu:

Nashukuru sana, dada. Nimehifadhi ule mti, nikausoma, nikauhifadhi tena kwenye faili la pili, na mafaili yote mawili yamelingana mstari kwa mstari. Kisha nikafuta mstari wa mwisho makusudi, na hesabu ikasimama kwenye 1.

Bado nina jambo moja. Nikishamaliza kuandika matawi yote, kila swali litakuwa na watoto wawili na kila ushauri hautakuwa na yeyote. Je, wakati huo nitahitaji hizo `null`?

Bi_Mwanahamisi alijibu:

Hutazihitaji, mradi kila mstari useme kama ni swali au ni ushauri, kwa alama yake yenyewe na si kwa alama ya kuuliza mwishoni mwa sentensi. Mimi ningeendelea kuziandika, kwa sababu mti unaohaririwa haukosi tawi ambalo halijakamilika.

Ngazi_Kwa_Ngazi alijibu:

Hapo sikubaliani nawe, dada. Tawi lisilokamilika linaweza kuandikwa kama ushauri wenye maneno "bado halijaandikwa", na fundi akifika hapo akayasoma, badala ya programu kufika kwenye utupu na kusimama.