Vinyozi na wenye saluni, bio ya ukurasa wa kubuku mmeiandikaje? Tupeane uzoefu

Mkasi Mkali: Wakuu, yangu ilikuwa "kinyozi mzoefu, usafi ndio kipaumbele chetu, karibuni nyote". Sasa nimeweka hii: "Nanyoa fedi na kuchonga ndevu, hasa kwa wanaotokwa na vipele. Wembe mpya naufungua mbele yako, mashine inasafishwa kabla hujakaa. Stori zipo, ukitaka kusinzia sema tu." Tangu hapo wenye vipele wanakuja wameshajua wanachotaka, tunaanza na maongezi ya ndevu moja kwa moja. Nyie je?

Mama Rasta: Hiyo ya kusinzia umenikosha 😂 Mimi nasuka, nimeandika "sivuti nywele za mbele, ukisikia maumivu niambie nilegeze". Wengi waliokatika kingo wanasema ndio iliyowaleta, kuliko picha zote nilizopanga pale.

Dogo Klipa: Mnajisumbua, andikeni tu mna sterilaiza ya taa ya bluu, mteja akiiona anajua vifaa vyote vimekufa vijidudu.

Fundi Mkongwe: Dogo, taa inasaidia ila inaua pale mwanga unapofika tu, nywele na mafuta yakiganda katikati ya meno ya mashine chini yake hakufi kitu. Piga brashi kwanza nywele zote zitoke, halafu spiriti ya asilimia 70 meno yalowe kabisa, uiache ikauke yenyewe, usiifute, maana ukiifuta haraka haijapata muda wa kufanya kazi. Na usiandike kwenye bio kitu usichofanya siku ya foleni, mteja amekisoma na amekaa anakuangalia mikono. Mkasi, hapo kwenye vipele pia usiahidi kuviponya. Nywele za kujikunja zikikatwa chini kabisa zinarudi kuchoma ngozi, kwa hiyo sema "siondoi ndevu hadi chini, naacha kidogo", mwenye tatizo hilo akisoma tu anajua unaijua kazi.

Mkasi Mkali: Naibadilisha leo leo mkuu.

Bint Kucha: Samahani naomba kuuliza, mteja akibuku halafu asitokee mnamfanyaje?? Mi wananiua

Mama Rasta: Bint huo uzi mwingine kabisa mamii, ila weka mstari mmoja chini ya bio, "ukichelewa nitumie ujumbe". Usiuweke juu, kwenye simu mistari ya mwanzo ndio inayoonekana, mtu asikutane na ukali kabla hajajua unafanya nini.

Kinyozi Mtulivu: Mie nimeandika "mwenye mapunye namwomba atibiwe kwanza, halafu aje". Kuna walioniambia nafukuza watu, na kuna mzazi kaniambia ndio sababu kamleta mwanawe kwangu.

Fundi Mkongwe: Mimi ningemwambia mtu faragha akifika, sio kwenye bio.

Kinyozi Mtulivu: Akifika ameshakaa kwenye kiti mzee, na wengine wanasikia.