Tupeane uzoefu: uliandikaje barua ya kuomba rufaa, sauti ikiwa imekauka kwa miezi?

Mwl. Chaki
Habari zenu. Nafundisha vipindi sita kwa siku, na huu ni mwezi wa nne sauti inakwaruza. Kliniki nimeenda mara tatu, natoka na antibayotiki, ilhali homa sina. Sasa naandika barua nipewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nimeanza hivi: "Sauti yangu ni mbaya, inanisumbua kazini." Naona haina uzito. Nyie mliandika nini?

Kipindi cha Nane
Yangu ya kwanza ilikuwa kama hiyo, haikujibiwa. Ya pili nikaeleza wiki yangu ilivyo: Jumatatu naongea vizuri kiasi, Alhamisi sauti inakatika katikati ya sentensi, likizo inapona nusu. Rufaa ikatoka. Nikakutwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, nikafundishwa upya namna ya kutoa sauti. Sikupasuliwa.

Mama Tangawizi
Mwanangu, pumzisha koo. Wiki nzima nong'ona tu, na unywe maji mengi. Mimi nilipona bila barua.

Muuguzi wa Zamu
Mama, kupumzika na maji sawa kabisa. Kunong'ona hapana, wengi huzikaza nyuzi hizo hizo wanaponong'ona. Aongee taratibu na kwa ufupi.
Mwalimu, sauti ikizidi wiki tatu bila kupona, zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, litazamwe kwa kamera ndogo. Hilo ndilo la kuomba, usijiandikie ugonjwa. Taja ilianza lini, dawa ulizopewa, na kama unavuta sigara au uliwahi kupasuliwa shingo. Kisha jibu haya hata kama ni "hapana": kumeza kwa shida, kukohoa damu, uvimbe shingoni, maumivu ya sikio, kupungua uzito. Ukiwa na mojawapo, iweke mstari wa kwanza. Ukianza kupumua kwa shida, usisubiri barua, nenda dharura.

Baba Wawili
Mimi mkuu wa shule alikataa kunipunguzia vipindi. Barua kama hiyo nayo inaanzaje?

Kipindi cha Nane
Hiyo ni ya mwajiri, kaka. Huyu anaandikia kliniki.

Mwl. Chaki
Nimeandika upya:

"Naomba rufaa ili nyuzi zangu za sauti zitazamwe. Sauti imekwaruza miezi minne, na haijarudi sawa hata siku moja. Ni mwalimu, naongea takribani saa nne kwa siku. Nimemaliza dozi mbili za antibayotiki bila nafuu. Sivuti sigara, sijawahi kupasuliwa. Nameza vizuri, sikohoi damu, sina uvimbe shingoni, uzito haujapungua. Sikio la kushoto linauma tangu mwezi uliopita."

Hilo la sikio sikuwahi kulisema kliniki, nilidhani ni jambo jingine.

Muuguzi wa Zamu
Lipandishe juu kabisa, na barua ipeleke mwenyewe kesho. Huenda si kitu, lakini maumivu ya koo mara nyingine husikika sikioni. Umeuliza wanakuita baada ya siku ngapi?

Mwl. Chaki
Bado. Nitauliza kesho nikiipeleka.